Ufa wa Kuziba na Ufa wa Kupima

Mada kwa wakazi wa Kata ya Chang'ombe, Dodoma, kuhusu nyufa katika kuta za nyumba



Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Usemi huo ni wa kweli, lakini katika ujenzi una upande wa pili usiotajwa sana: anayeziba ufa unaotembea naye pia atajenga ukuta. Kila mwaka, mvua zinapokatika, mafundi huitwa kuziba nyufa kwa saruji na kupaka rangi juu yake. Baadhi ya nyufa hizo hazirudi tena. Nyingine hufunguka mahali pale pale katika msimu unaofuata, na fedha iliyotumika huwa imepotea. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba rangi mpya huficha ushahidi ambao ungeeleza nyumba inakwenda wapi. Wapo pia wanaokosea kwa upande mwingine: huona ufa mwembamba wa lipu, wakaogopa, wakabomoa ukuta mzima uliokuwa hauna tatizo.

Mada hii inahusu jinsi ya kutofautisha aina hizo mbili za ufa. Vifaa vinavyohitajika ni misumari, rula, uzi wenye jiwe, mpira wa maji na daftari. Kinachohitajika zaidi ni subira ya msimu mmoja.

Ukuta unaobeba na ukuta usiobeba

Katika ardhi hii ya Ugogo, nyumba ya asili ni tembe. Paa la tembe, ambalo ni bapa na lenye udongo mzito juu yake, hubebwa na nguzo za miti zilizochimbiwa ardhini. Ukuta wa fito na udongo huziba upepo na kutenga vyumba, lakini mzigo wa paa haumo ndani yake. Kwa hiyo ufa katika ukuta wa tembe ulikuwa kazi ya kukandika upya, basi. Paa liliendelea kukaa juu ya nguzo.

Nyumba ya matofali ya saruji au ya kuchoma hujengwa kwa mantiki nyingine. Hapa ukuta wenyewe ndio nguzo. Mabati, kenchi na mkanda wa zege hukalia ukuta, ukuta hukalia msingi, na msingi hukalia udongo. Udongo ukishuka au ukivimba upande mmoja, hakuna mti wa kupokea mzigo, na matofali hayawezi kupinda kama fito. Hupasuka. Ndiyo maana mazoea ya kukandika ufa, yaliyofaa sana katika tembe, hayatoshi katika nyumba ya matofali. Hapa ufa unaweza kuwa taarifa kutoka chini ya ardhi.

Si kila ufa, hata hivyo, hutoka chini ya ardhi. Kazi ya kwanza ni kujua umeanzia wapi.

Kwanza, lipu ibanduliwe

Sehemu kubwa ya nyufa zinazowatia watu hofu zimo katika lipu tu. Lipu iliyochanganywa na saruji nyingi mno, au iliyokauka haraka kwa jua na upepo wa Dodoma bila kumwagiwa maji, husinyaa na kupasuka. Nyufa zake ni nyembamba kama unywele, zinakutana na kuachana kama mistari ya tope lililokauka bwawani, na hazina mwelekeo maalumu. Ukuta ukigongwa kwa kifundo cha kidole karibu nazo, mara nyingi hutoa sauti ya uwazi, maana lipu imeachana na tofali.

Kwa nje, hata hivyo, ufa wa lipu na ufa wa tofali huweza kufanana. Njia ya uhakika ni kubandua lipu kwa patasi katika sehemu ndogo, upana wa kiganja, pale ambapo ufa unavuka. Ikiwa chini yake tofali ni zima na kiungo cha saruji baina ya tofali na tofali ni kizima, ufa huo ni wa lipu na unaweza kuzibwa siku yoyote. Ikiwa mstari umeendelea hadi kwenye tofali au kwenye kiungo, uchunguzi uendelee. Inafaa pia kuangalia upande wa pili wa ukuta. Ufa unaoonekana ndani na nje mahali pamoja umepita ukuta mzima.

Ipo aina nyingine ya ufa unaopita kwenye tofali bila kuwa na maana kubwa. Matofali ya saruji yaliyojengwa kabla hayajakomaa huendelea kusinyaa yakiwa tayari ukutani. Matokeo yake ni ufa uliosimama wima, mara nyingi katikati ya ukuta mrefu au chini ya dirisha, wenye upana uleule toka juu hadi chini. Hujitokeza katika mwaka wa kwanza au wa pili, kisha hutulia. Dalili yake ni huo usawa wa upana: vipande viwili vya ukuta vimeachana kwa kiasi kilekile, wala hakuna kilichoshuka wala kilichoinama.

Umbo la ufa na maana yake

Ufa unaotokana na kutembea kwa msingi huwa na tabia tatu. Una mwelekeo, una upande mpana na upande mwembamba, na mara nyingi huanzia mahali penye udhaifu kama kona ya dirisha au ya mlango.

Umbo linalojulikana zaidi ni la ngazi. Ufa hufuata viungo vya saruji, hupanda tofali moja, husogea pembeni, hupanda tena, hadi huonekana kama ngazi iliyolala ukutani. Katika ufa wa namna hii, kipande cha ukuta kilicho chini ya ngazi ndicho ambacho kwa kawaida kimeshuka, kikiacha kilicho juu yake. Kipande hicho kikiwa kwenye kona ya nyumba, basi kona hiyo ndiyo ya kuchunguzwa.

Upana nao husema jambo. Ufa unaoanza kama uzi chini na kupanuka kadiri unavyopanda huonyesha kwamba mwisho wa ukuta unashuka au unainamia nje, kama mtu anayeegemea mbali na mwenzake: miguu imekaribiana, vichwa vimeachana. Ufa mpana chini na mwembamba juu huonyesha kwamba katikati ya ukuta pameshuka huku miisho ikibaki. Kwa hiyo, kabla ya kupima upana wa ufa, ni vyema kuutazama wote kwa urefu wake na kuuchora kwenye daftari.

Nyumba nyingi mijini hujengwa kidogo kidogo, vyumba viwili leo na viwili baada ya miaka kadhaa. Mahali pa kuunganisha kazi ya zamani na kazi mpya hutokea ufa wima ulionyooka kama uliochorwa kwa rula. Mara nyingi sababu ni kwamba matofali mapya hayakufumwa na ya zamani. Ufa huo ukiwa na upana sawa kote, ni kiungo tu kilichojionyesha. Ukiwa mpana juu kuliko chini, maana yake ni kwamba vyumba vipya vinashuka vyenyewe juu ya msingi wao, wakati vile vya zamani vilikwisha kutulia.

Ufa wa mlalo hauna budi kuangaliwa kwa makini kuliko mwingine, hasa pale ukuta unapotokeza nje kama tumbo. Kitu fulani kinausukuma ukuta: udongo uliojazwa nyuma yake, au kenchi za paa zinazotanuka kwa kukosa kamba ya chini. Upande wa pili, ufa wa mlalo ulio mwembamba na umenyooka chini tu ya mkanda wa zege, bila ukuta kuinama, kwa kawaida ni matokeo ya zege na matofali kutanuka tofauti kwa joto la jua.

Mwisho ni nyufa zinazokatizana kama herufi X baina ya dirisha na dirisha. Hizo ni alama ya kutikiswa. Dodoma imo katika ukanda wenye mipasuko ya ardhi, na tetemeko la Novemba 2002 liliacha nyufa katika majengo ya mji huu. Nyufa za tetemeko hutambulikana pia kwa tarehe yake: hutokea siku moja, katika nyumba nyingi kwa pamoja.

Udongo wa Dodoma na maji

Ili kusoma ufa vizuri, ni lazima kujua udongo wa chini hufanya nini. Kwenye miinuko ya Dodoma udongo wa kichanga chekundu ni wa kawaida, na kwenye mabonde hupatikana udongo mweusi wa mbuga. Kila mmoja una namna yake ya kuvunja nyumba, na namna zote mbili huamriwa na maji.

Udongo wa mbuga ni mfinyanzi unaovimba ukinyeshewa na kusinyaa ukikauka. Mvua za Dodoma huanza kati ya Novemba na Desemba na kukoma Aprili. Baada ya hapo ardhi hukaa miezi saba au zaidi bila mvua ya maana. Katika muda huo udongo wa mbuga hupasuka hadi mtu aweze kuingiza mkono. Nyumba iliyo juu yake huinuliwa na kushushwa kila mwaka. Nyumba ya chini isiyo na ghorofa ndiyo huumia zaidi, kwa sababu uzito wake hautoshi kuuzuia udongo usivimbe, na msingi wake kwa kawaida ni mfupi, umeishia katika tabaka lile lile linalolowa na kukauka. Tatizo hili lilichunguzwa kwa kina Kibaha, mkoani Pwani, na mtafiti Charles Lucian katika miaka ya 2000, ambaye alihusisha nyufa za majengo ya huko na udongo unaovimba.

Kuutambua udongo huo hakuhitaji maabara kwa kuanzia. Donge lichukuliwe kutoka kina cha mita moja, lilowanishwe, kisha lisokotwe kwa viganja. Likisokoteka kuwa kama kamba nyembamba kuliko penseli bila kukatika, udongo una mfinyanzi mwingi. Likimeguka mara moja, ni kichanga.

Kichanga hakivimbi, lakini hupoteza nguvu na kuchukuliwa na maji. Paa lisilo na mfereji wa mabati humwaga maji yote ya mvua katika mstari mmoja kando ya msingi. Maji huchimba, msingi hubaki wazi, na kona hushuka. Shimo la maji machafu lililo karibu na ukuta hufanya vivyo hivyo mwaka mzima, na bomba linalovuja chini ya ardhi hufanya hivyo kimyakimya. Hali kadhalika, nyumba iliyojengwa juu ya shimo la zamani lililofukiwa kwa taka, au juu ya kichuguu kilichosawazishwa, itashuka mahali hapo hata kama msingi umejengwa vizuri.

Misumari miwili na msimu mmoja

Umbo hueleza ufa ulitokana na nini. Halielezi kama bado unatembea. Nyumba huweza kushuka kidogo katika miaka yake ya mwanzo, ikapasuka, kisha ikatulia moja kwa moja. Ufa wa namna hiyo ni kovu. Kati ya kovu na kidonda, kipimo pekee ni muda.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Mahali ufa ulipo mpana zaidi, lipu hubanduliwa na misumari miwili midogo hupigiliwa kwenye matofali yenyewe, mmoja kila upande wa ufa, ikiwa imeachana kiasi cha sentimita 15. Msumari wa tatu hupigiliwa upande mmoja, juu au chini ya mwenzake, ili kujenga pembetatu. Misumari miwili itaonyesha kama ufa unafunguka. Wa tatu utaonyesha kama upande mmoja unashuka. Umbali baina ya misumari hupimwa na kuandikwa kwenye daftari pamoja na tarehe, na hali ya hewa ya wiki hiyo.

Kupima kunatosha mara moja kwa mwezi, asubuhi, kabla jua halijapasha ukuta, maana ukuta wenyewe hutanuka kwa joto la mchana. Rula ya kawaida haiwezi kuonyesha kwa uhakika tofauti iliyo chini ya nusu milimita. Kwa hiyo tofauti ndogo ya mwezi mmoja isihesabiwe kuwa habari; kinachotafutwa ni mwenendo wa miezi. Wapo mafundi wanaobandika kipande cha kioo au bonge la lipu juu ya ufa na kusubiri livunjike. Njia hiyo hueleza kwamba ukuta umetembea, lakini haielezi umetembea kiasi gani wala kuelekea wapi.

Mwaka mzima ndio muda mzuri, ili kipimo kipite kiangazi na masika. Pale isipowezekana, kianze Oktoba na kufika Mei. Mwenendo wa namba hujibu swali kwa njia nne. Namba zisipobadilika kabisa, ufa ni kovu na unaweza kuzibwa. Zikipungua wakati wa mvua na kuongezeka wakati wa kiangazi, au kinyume chake, kisha zikarudi zilipoanzia, nyumba inapumua pamoja na mfinyanzi. Zikiongezeka wakati wa mvua tu na kubaki hapo, maji yanaudhoofisha udongo wa kichanga. Zikiongezeka kila mwezi bila kujali msimu, msingi unashuka bado, na hapo mhandisi anahitajika.

Pamoja na misumari, yapo mambo mawili ya kukagua. La kwanza ni usimamaji wa ukuta: uzi wenye jiwe huteremshwa kutoka juu, na nafasi baina ya uzi na ukuta hupimwa juu, katikati na chini. La pili ni ulalo wa nyumba. Mpira wa maji unaotumiwa na waashi huonyesha kama kozi ile ile ya matofali iko katika usawa mmoja kwenye kona zote nne. Kozi ikiwa chini kwenye kona moja, hiyo ndiyo iliyoshuka, isipokuwa kama ilijengwa bila usawa toka mwanzo. Ndiyo sababu vipimo hivi pia hurudiwa mwisho wa msimu.

Nyumba ya mfano

Ichukuliwe nyumba ya kufikirika, ya vyumba vinne, ya matofali ya saruji ya inchi 6. Vyumba viwili vya mbele vilijengwa kwanza na vya nyuma viliongezwa baadaye. Paa halina mfereji. Shimo la maji machafu liko mita mbili kutoka kona ya chumba cha nyuma. Udongo wake, ukisokotwa, humeguka.

Nyumba hiyo ina nyufa tatu. Wa kwanza umo sebuleni: mistari mingi kama utando wa buibui. Lipu ikibanduliwa, tofali ni zima. Ufa huo hauna neno, na jina lake linafutwa kwenye orodha.

Wa pili umesimama wima pale vyumba vya mbele vinapokutana na vya nyuma. Kadi ya benki, ambayo unene wake ni karibu milimita 0.8, inaingia juu kwa urahisi lakini chini haiingii. Kwa hiyo si kiungo tu kilichojionyesha. Sehemu ya nyuma imeinama kidogo.

Wa tatu ni ngazi inayoanzia kona ya chini ya dirisha la chumba cha nyuma na kuelekea kwenye kona ya nyumba iliyo karibu na shimo. Upana wake pale palipo pana zaidi ni milimita 3. Dirisha halifungi vizuri. Mpira wa maji unaonyesha kona hiyo iko chini kwa sentimita 1 kuliko nyingine.

Ufa wa pili na wa tatu, basi, vinasimulia hadithi moja: kona ya nyuma inashuka. Misumari inapigiliwa mwanzoni mwa Novemba kwenye ufa wa tatu, na umbali wake ni milimita 150. Mwisho wa Januari ni 151. Mwisho wa Machi ni 153. Mei, mvua zikiwa zimekoma, ni 153. Agosti bado ni 153.

Kama tatizo lingekuwa mfinyanzi unaovimba, kiangazi kingezirudisha namba nyuma. Kama msingi ungekuwa unashuka bila kujali maji, Agosti ingeonyesha zaidi ya Mei. Kilichoonekana ni kushuka wakati wa mvua tu, kisha kusimama. Udongo humeguka, maji ya paa yanaangukia hapo, na shimo liko hatua chache. Mambo yote yanaelekeza kwenye maji.

Tiba inayofuata haianzii ukutani. Mfereji unafungwa kwenye paa na maji yanapelekwa kwenye tangi au mbali na msingi. Shimo jipya linachimbwa mbali zaidi, na la zamani linafukiwa kwa udongo ulioshindiliwa kwa matabaka. Kuzunguka nyumba kunawekwa sakafu nyembamba ya zege yenye mteremko wa kutoa maji nje. Kisha misumari inaachwa ipite mvua nyingine. Kama Aprili ya pili bado inasoma 153, ufa umekuwa kovu. Ndipo viungo vinapochimbuliwa na kujazwa upya, na lipu na rangi kurudishwa. Kama inasoma 155, maji hayakuwa sababu pekee, na daftari hilo linapelekwa kwa mhandisi.

Upana, na pale kusubiri kusikofaa

Wahandisi wa nchi nyingi hutumia mizani ya upana iliyotungwa na watafiti wa majengo wa Uingereza. Ufa usiozidi milimita 1 ni mdogo sana. Hadi milimita 5 ni mdogo, ingawa milango huweza kuanza kukwama. Kati ya 5 na 15 huhitaji kazi ya mwashi, na penseli ya kawaida, yenye unene wa karibu milimita 7, huingia humo. Kati ya 15 na 25 sehemu za ukuta huhitaji kujengwa upya. Zaidi ya 25 ukuta uko katika hatari ya kuanguka. Mizani hiyo, hata hivyo, hupima ugumu wa ukarabati. Haisemi sababu, wala haisemi kama ufa unaendelea. Ufa wa milimita 2 unaoongezeka kila mwezi una uzito kuliko wa milimita 6 uliosimama kwa miaka kumi.

Kipimo cha msimu mzima kinafaa pale ambapo ukuta unaweza kusubiri. Zipo dalili zinazoondoa ruhusa hiyo: ufa unaokua kwa siku au wiki, ukuta uliotokeza tumbo au kuinama kwa macho, linta ya mlango au dirisha iliyoshuka au kukatika, mwisho wa kenchi au boriti unaochomoka kutoka kwenye ukuta, mlango uliofunga vizuri jana na leo haufungi, sauti ya kupasuka usiku. Dalili moja kati ya hizo ikionekana, watu hawalali katika chumba hicho. Vitanda huhamishwa kwanza, hasa vya watoto na wazee, na mirunda ya kushikilia paa huwekwa na fundi mzoefu akiwa upande ulio salama. Taarifa hupelekwa siku hiyo hiyo kwa Mwenyekiti au Mtendaji wa Mtaa, ili mhandisi wa Halmashauri ajulishwe.

Fundi, mhandisi na daftari

Fundi mwashi stadi anaweza kubandua lipu, kupigilia misumari, kupima kwa mpira wa maji na kutengeneza mifereji. Kuchimba chini ya msingi wa nyumba inayokaliwa ili kuujengea msingi mpya ni kazi nyingine kabisa. Ikifanywa kwa urefu mkubwa kwa mara moja, kona iliyokuwa ikishuka kwa milimita huanguka kwa saa. Kazi hiyo iamuliwe na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, baada ya kuuona udongo wenyewe katika shimo la uchunguzi.

Mhandisi anayeitwa mara moja huona ufa wa siku moja. Hawezi kujua ulikuwaje Novemba. Kwa hiyo mwenye nyumba aliye na daftari lenye mchoro wa ufa, tarehe, vipimo vya miezi kadhaa na maelezo ya maji yanakomwagika humwokolea mhandisi muda na kujiokolea fedha. Mpangaji naye anaweza kulitunza, kwa kuwa ndiye anayelala chini ya ukuta huo. Na nakala yake ikimfikia mwenye nyumba, mazungumzo ya ukarabati huwa juu ya namba.

Mvua zijazo zitaanza kati ya Novemba na Desemba. Mwenye ufa anaoutilia shaka na apigilie misumari yake kabla ya tone la kwanza, aandike namba ya kwanza, na asiupake rangi hadi ufa wenyewe utakapokuwa umejibu.